Kabla Hujarudisha Funguo

Vyombo vimeshapakiwa kwenye pikapu, godoro limefungwa kamba juu, na keyateka amesimama mlangoni akingoja funguo. "Depoziti utatumiwa na ofisi," anasema. Wiki mbili baadaye, ofisi inatuma hesabu badala ya pesa.

Tuchukue mfano wa mpangaji wa nyumba ya chumba kimoja cha kulala jijini Nairobi. Alipoingia alilipa depoziti sawa na kodi ya mwezi mmoja, shilingi 18,000. Alitoa notisi ya mwezi na kulipa kodi hadi siku ya mwisho. Hakuila depoziti kwa kukaa mwezi wa mwisho bila kulipa, jambo ambalo mikataba mingi hukataza. Hata hivyo, wakala wa mwenye nyumba alimkata 9,000 za rangi, 2,000 za bomba la jikoni, 1,500 za kitasa na 1,200 za kioo cha dirisha. Jumla 13,700. Zikabaki 4,300.

Mzozo wa namna hii huamuliwa kwa kulinganisha hali ya nyumba siku ya kuingia na hali yake siku ya kutoka. Ndiyo maana mpangaji huyu, vyombo vilipokwisha kutolewa na kukiwa bado mchana, alizunguka na keyateka chumba kwa chumba, kalamu mkononi. Hakuandika "jikoni: sawa," kwa kuwa neno hilo halimwambii kitu mtu ambaye hakuwepo. Aliandika hivi:

Sebule: kuta nne zina rangi iliyofifia, tundu mbili za misumari ya televisheni zimezibwa, kioo kimoja cha dirisha la kushoto kina ufa, nimekivunja mimi.

Jikoni: sinki halina ufa; bomba linadondoka, niliripoti kwa ujumbe mwezi Machi.

Chumba cha kulala: kabati lina milango yote; kitasa kinafunga lakini mpini umelegea.

Bafu: maji ya choo yanashuka vizuri, dari ina ukungu chini ya bomba linalovuja kutoka nyumba ya juu.

Chini yake aliandika namba iliyosomwa kwenye mita ya maji, idadi ya funguo alizokabidhi, na tarehe. Wote wawili wakatia sahihi, kisha kila ukurasa ukapigwa picha. Keyateka angekataa kusaini, mpangaji angemtumia wakala orodha hiyo siku ileile kwa WhatsApp au barua pepe, ili tarehe ijishuhudie yenyewe.

Ona kwamba alikiri kioo. Kukiri kosa lake mwenyewe kuliyapa uzito maelezo ya yale yasiyo yake. Mpini uliolegea kwa kufunguliwa na kufungwa kila siku ni uchakavu wa kawaida, na gharama yake ni ya mwenye nyumba. Ufa wa kioo ni uharibifu. Bomba lilichakaa, na ujumbe wa Machi unaonyesha kuwa hakulinyamazia.

Rangi ndiyo yenye utata. Rangi iliyofifia kwa miaka ni uchakavu, lakini mikataba mingi ya Nairobi humtaka mpangaji apake upya anapotoka, na wa huyu ulisema hivyo. Kwa hiyo hakubisha juu ya kuta. Aliomba risiti ya fundi, akakuta kwamba ndani ya zile 9,000 kulikuwa na 2,500 za dari ya bafu, ileile yenye ukungu wa maji ya jirani. Akakubali 6,500 za kuta na 1,200 za kioo, yaani 7,700.

Barua yake ilikuwa fupi. Ilitaja anwani ya nyumba, siku ya kukabidhi funguo, kiasi cha depoziti na ujumbe wa M-Pesa wa siku aliyoilipa. Kisha ikaeleza kila kato kwa mstari mmoja, ikadai shilingi 10,300 na kuweka siku 14 za kujibu. Orodha na picha ziliambatishwa.

Asiyeandika orodha alipoingia bado ana pa kuanzia: picha za zamani kwenye simu zenye ukuta nyuma ya watoto, au ujumbe wa kulalamikia bomba. Wakala akiendelea kunyamaza, ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Mdai anaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inaitaka itoe uamuzi ndani ya siku 60 tangu dai liwasilishwe. Hakimu atauliza mkataba uko wapi, pesa zililipwa lini, na nani alisaini orodha ya siku ya kutoka.