Panya Aliyejua Njia Bila Kulipwa

Mwanzoni mwa karne ya 20, wanasaikolojia walichunguza akili kwa kujichungulia: mtu aliyefunzwa hutazama yanayopita kichwani mwake, kisha huyaeleza. Ugomvi ukazuka. Huko Würzburg, Ujerumani, watu waliripoti mawazo yasiyo na taswira yoyote. Titchener wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, akashikilia kwamba taswira zipo, ila hawakutazama vizuri. Nani angeamua? Kichwa cha mtu hakina dirisha.

Mwaka 1913 John Watson akataka saikolojia ipime kinachoonekana tu: kichocheo na tabia inayokifuata. Akili ikafungiwa nje.

Aliyeirudisha, kwa maoni yangu, ni panya. Mwaka 1930 Tolman na Honzik, huko California, waliwaingiza panya kwenye mzingile kila siku. Kundi moja lilikuta chakula mwishoni tangu mwanzo, na makosa yakapungua polepole. Jingine halikupewa kitu kwa siku 10, likazurura tu. Chakula kikawekwa siku ya 11. Siku iliyofuata makosa yakaporomoka, wakawafikia wenzao. Kama zawadi ndiyo hufundisha, hawa walijifunzaje? Tolman baadaye alisema walikuwa na ramani kichwani.

Wengi hawakushawishika hadi kompyuta zilipokuja, zikaonyesha kwamba mambo ya ndani yanaweza kuelezwa hatua kwa hatua, bila uchawi. Mwaka 1956 George Miller akaandika kuhusu vitu ambavyo kumbukumbu ya muda mfupi hubeba: takriban saba. Safari hii hakuna aliyeulizwa anahisi nini; yalihesabiwa majibu aliyopata na aliyokosa.