Je, Wajua? Mdudu Asiyeuma Lakini Huunguza Ngozi

Mvua kubwa zikishanyesha na ardhi ikalowa, simu za manesi na madaktari huanza kupokea picha za aina moja: shingo, shavu au mkono wenye mstari uliovimba, na juu yake malengelenge madogo yamejipanga. Anayetuma huwa ameshaamua kwamba ametambaliwa na buibui usingizini, au kwamba ni mkanda wa jeshi. Mara nyingi mhusika ni mdudu asiyefika hata sentimita moja kwa urefu, na ambaye hakuuma wala hakudunga.

Watu humwita nzi wa Nairobi, ingawa kwa umbile ni mbawakawa, wa jenasi inayoitwa Paederus. Kichwa chake ni cheusi, kifua cha rangi ya chungwa iliyokolea, mabawa mafupi ya buluu inayometameta yanayofunika sehemu ya kati tu ya mwili, kisha tumbo la chungwa lenye ncha nyeusi. Kuruka anaweza, ila hupenda zaidi kukimbia, na akishtuliwa hubinua tumbo juu kana kwamba anataka kudunga. Hana mwiba. Huishi penye unyevu: majani yanayooza, kingo za mito, mashamba ya mpunga. Huko hula vidukari na wadudu wengine waharibifu, kwa hiyo mkulima ana kila sababu ya kumwacha aendelee na kazi yake. Shida huanza usiku, anapofuata mwanga wa taa na kuingia chumbani. Kenya ilimwona kwa wingi mno wakati wa mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998.

Sumu yake huitwa pederini, na imo ndani ya majimaji ya mwili wake. Cha ajabu ni kwamba si yeye anayeitengeneza. Hutengenezwa na bakteria wanaoishi ndani ya majike. Mdudu akitembea juu ya ngozi bila kuguswa, kwa kawaida hakuna kinachotokea. Lakini mtu akimponda kwa kiganja, majimaji yale humwagika, na mkono ukiyaburuta huchora njia yake juu ya ngozi. Pederini huzuia seli kutengeneza protini, nazo hufa polepole. Ndiyo maana mtu hahisi kitu saa ile. Ngozi huanza kuwasha na kuwaka moto baada ya nusu siku, siku nzima, pengine zaidi, na wakati huo mdudu aliyepondwa ameshasahaulika.

Chukua mfano wa kijana anayesoma usiku dirisha likiwa wazi na taa juu ya meza. Jumatatu saa nne usiku anahisi kitu shingoni, anakipiga kofi, anajifuta na kulala. Jumanne jioni shingo inamuwasha. Jumatano asubuhi mama yake anapiga picha na kumtumia jirani yao ambaye ni nesi: "Dada, hebu mtazame huyu mtoto, amechapwa kiboko au ni nini?" Kweli picha inaonyesha mstari mmoja uliovimba, wa urefu wa kidole, kama alama ya kiboko. Nesi hajibu jina la ugonjwa. Anaomba kwanza picha nyingine.

Picha moja ya karibu hudanganya. Inahitajika moja ya mbali kidogo inayoonyesha kipele kiko upande gani wa mwili, na nyingine ya karibu yenye sarafu pembeni ili ukubwa ueleweke. Zote zipigwe mchana karibu na dirisha, bila mwanga wa simu, kwa sababu mwanga ule hufuta rangi. Na kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kuwa mwekundu. Huonekana wa zambarau au weusi uliozidi, na pengine hauonekani kabisa. Hapo anayepiga picha ndiye anayepaswa kusema kile ambacho kamera haikioni: agusishe mgongo wa mkono na kueleza kama pana joto kuliko ngozi ya jirani, pamekuwa pagumu, au pakiguswa panauma.

Picha ya pili ya kijana wetu inaonyesha jambo kubwa zaidi: ndani ya kiwiko kuna mabaka mawili yanayolingana, moja juu ya mkunjo na lingine chini. Mkono ulipokunjwa, sumu iliyokuwa upande mmoja ilijichapa upande wa pili. Alama hizo pacha ni dalili nzuri sana ya mdudu huyu. Mkanda wa jeshi haufanyi hivyo. Wenyewe kwa kawaida hutanguliwa na maumivu au ganzi siku kadhaa kabla ya kipele, hukaa upande mmoja wa mwili bila kuvuka katikati, na malengelenge yake hujikusanya vichaka vichaka. Anayeushuku asisubiri, kwani dawa zake hufanya kazi vizuri zaidi zikianza ndani ya saa 72 tangu kipele kitokee. Kliniki pia inaweza kumshauri kupima VVU, hasa akiwa bado kijana.

Kwa alama za mdudu, nesi anamwambia mama aoshe sehemu ile taratibu kwa maji mengi na sabuni, hata kama siku imepita, na afue shuka na shati la usiku ule. Kitambaa safi kilicholowa maji baridi kiwekwe mara kadhaa kwa siku. Kalamini hutuliza mwasho. Malengelenge yasitumbuliwe, na dawa ya meno au mafuta ya taa visipakwe, maana huunguza ngozi ambayo tayari imeungua. Kisha achore mpaka wa uvimbe kwa kalamu na kuandika saa kando yake.

Mstari huo wa kalamu ndio utakaoamua. Malengelenge kuongezeka siku ya pili na ya tatu ni kawaida. Baadaye hukauka, na baada ya wiki moja hivi hubaki gamba. Lakini uvimbe ukivuka kalamu huku pakiwa pa moto na maumivu yakizidi, ukitoka usaha, au ikija homa, bakteria wameingia na kliniki ni siku hiyo hiyo. Krimu ya bila cheti kutoka dukani haitoshi, na yenye steroidi kali inaweza kuficha hali kwa siku kadhaa huku maambukizi yakiendelea.

Jicho ni habari nyingine kabisa. Mtu akijisugua kwa mkono wenye sumu, kope huvimba hadi jicho kufumba. Lisafishwe mara moja kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha aende kituo cha afya siku hiyo, hasa kama anaona ukungu au mwanga unamuumiza. Asipake krimu yoyote ya ngozi machoni. Na kama midomo au ulimi unavimba, pumzi inabana, au kuna madoa ya zambarau yasiyofifia yakibonyezwa kwa glasi, hilo si suala la picha tena. Ni kwenda hospitali sasa hivi.

Ukimwona ametua juu yako, mpulize, au mwache apande kipande cha karatasi, kisha uoshe pale alipokanyaga. Gamba likidondoka hubaki doa jeusi linaloweza kukaa wiki au miezi. Likinge na jua, na usilipake mkorogo: doa hilo hufifia lenyewe, na mkorogo huliharibu zaidi.