Mguu mbele, mguu nyuma: chanjo ya Mahepe ni siku ya kwanza
Wadau, wengi mnaniuliza kuhusu kuku wa wiki 8 au 12 anayelala mguu mmoja mbele, mwingine nyuma. Mara nyingi hiyo ni Mahepe: kirusi kinaleta uvimbe kwenye mishipa ya fahamu, mguu unapooza. Dawa hakuna, na kumchanja wakati huo umeshachelewa, maana kirusi kinakaa kwenye vumbi la manyoya bandani na kifaranga anakivuta mapema. Chanjo hudungwa chini ya ngozi ya shingo siku anapoanguliwa, nayo inahitaji kama wiki moja kujenga kinga. Kwa hiyo mimi nikinunua vifaranga wa mayai nauliza kwanza: wamechanjwa Mahepe? Kisha nawaweka banda lililosafishwa, mbali na kuku wakubwa. Wewe je?