Barua pepe ya Kifaransa: nani atangulie kusalimiwa?

Mwenye shughuli na ofisi za Komoro au Ufaransa huenda akalazimika kuwaandikia mkurugenzi, naibu wake na makarani wawili kwa barua pepe moja. Katika Kifaransa rasmi, cheo ndicho hutangulia. Vyeo vikilingana, mwanamke huanza. Basi tuseme mkurugenzi ni mwanamke, naibu ni mwanamume, na makarani ni mwanamke na mwanamume. Salamu zitashuka hivi:

```
Madame la Directrice,
Monsieur le Directeur adjoint,
Madame, Monsieur,
```

Jina la mtu halitiwi hapo. Huku kwetu "Bi Fatuma" ni heshima tosha, lakini kwao heshima hiyo hubebwa na cheo. Hata kwenye kisanduku cha "À" panga anwani vivyo hivyo, kwani wapokeaji wote wanaziona.

Wengi huteleza mwishoni. Maneno ya kuagia, yale yanayoanza "Je vous prie d'agréer", hurudia salamu zilezile kwa mpangilio uleule. Ukimtaja mkurugenzi peke yake, naibu atajiona amerukwa. "Bonjour à tous" waachie wenzako mliozoeana.