Ramani Yako Ikirudi kutoka Halmashauri

Anayetaka kujenga mjini huanza na nyumba. Ameona ya mtu huko mtaa wa pili, ameipenda, na amemtafuta mchoraji: vyumba vitatu, kimoja kiwe masta, sebule kubwa, jiko la ndani, baraza mbele. Kiwanja hutajwa baadaye, tena kwa makisio: "kama kumi na tano kwa ishirini na nne hivi." Halmashauri hufanya kinyume. Huanza na hati, ikaja kwenye kiwanja, na nyumba yenyewe huwa ya mwisho. Kwa sababu hiyo ramani ya nyumba nzuri kabisa inaweza kurudishwa bila mtu yeyote kuilalamikia nyumba.

Tanzania Bara, maombi ya kibali cha ujenzi hupelekwa kwenye halmashauri ya jiji, manispaa, mji au wilaya, na siku hizi mfumo wa mtandaoni wa TAUSI hutumika kuyapokea. Msingi wa maombi haujabadilika sana: fomu iliyojazwa, hati miliki au barua ya toleo, risiti ya kodi ya ardhi, na michoro. Nyumba ya ghorofa huongezewa michoro ya mhandisi inayoonyesha nondo, nguzo na mihimili. Faili hupita kwa maofisa kadhaa. Wa ardhi anahakiki miliki, wa mipango miji anaangalia matumizi na nafasi, mhandisi anaangalia uimara, wa afya anaangalia hewa, choo na maji taka, na kwa majengo yanayohitaji hivyo zimamoto nao wanaitwa. Mmoja wao akikwama, faili linakwama.

Kikwazo cha kwanza ni jina. Wengi wamenunua kiwanja kwa mkataba wa mauziano, wakalipa na kukabidhiwa hati, lakini hati hiyo bado ina jina la muuzaji. Fomu inapojazwa kwa jina la mnunuzi, ofisa ardhi anaona watu wawili tofauti. Ndivyo ilivyo pia kwa kiwanja cha marehemu ambacho watoto wanataka kukijenga kabla msimamizi wa mirathi hajathibitishwa na mahakama. Mchoraji hana dawa ya tatizo hilo. Uhamisho wa miliki hukamilishwa kwanza, au halmashauri iulizwe mapema ni nyaraka zipi za mauziano au mirathi itakazozikubali pamoja na hati.

Cha pili ni matumizi. Hati imeandikwa makazi, lakini mchoro una fremu tatu za maduka zinazotazama barabara. Mwenye nyumba anasema fremu ni ndogo tu, za kumsaidia kodi. Kwa ofisa mipango miji hilo ni jengo la makazi na biashara, na kubadili matumizi ya ardhi ni ombi jingine lenye utaratibu wake. Kuziita fremu "stoo" kwenye mchoro hakusaidii, kwani stoo yenye mlango mpana unaofungukia barabarani inajieleza yenyewe.

Kikwazo kinachohitaji kuelezwa kwa vipimo ni cha tatu, yaani mpango wa kiwanja. Huu ni ule ukurasa unaoonyesha mipaka, barabara, mahali nyumba itakapokaa, umbali wake kutoka kila mpaka, maegesho, karo la choo, na njia ya maji ya mvua. Wachoraji wengi huuchora mwishoni na kwa haraka, ilhali ofisa huusoma mwanzoni na taratibu.

Tukirudi kwa yule wa kumi na tano kwa ishirini na nne, tuseme halmashauri inataka nyumba ikae mita 3 kutoka mpaka wa mbele na mita 1.5 kutoka kila ubavu, na majengo yote yasifunike zaidi ya asilimia 50 ya kiwanja. Vipimo hivi ni vya mfano tu. Vya kiwanja chako hutegemea ukubwa wake na matumizi yake, na huulizwa ofisi ya mipango miji kabla ya mstari wa kwanza kuchorwa.

Mchoraji amechora nyumba ya upana wa mita 12 na urefu wa mita 14. Anatoa 12 kwenye 15, zinabaki 3, ubavu huu 1.5 na ule 1.5. Nyumba ni mita za mraba 168 na kiwanja ni 360, sawa na asilimia 46.7. Kila kitu kinakaa.

Sasa ofisa anafungua ramani ya upimaji iliyo kwenye hati. Upana wa mbele, bikoni hadi bikoni, ni mita 14.62, na wa nyuma ni mita 14.10. Kiwanja kinabana kidogo kuelekea nyuma, jambo la kawaida, ila aliyepima kwa futi kamba alifuata ukuta wa jirani badala ya bikoni. Kona za nyuma za nyumba ziko mita 17 kutoka mpaka wa mbele, na hapo upana ni kama mita 14.25. Ukitoa 12, zinabaki 2.25, wastani wa mita 1.125 kila upande. Eneo la kiwanja nalo si 360, ni kama 345. Tena kuna banda la uani la mita 5 kwa 4 ambalo halikuhesabiwa. Jumla ya majengo inafika mita za mraba 188, karibu asilimia 55. Ramani inarudi kwa sababu mbili: ya kwanza imetokana na kipimo kibovu cha kiwanja, ya pili na banda lililosahauliwa.

Tiba yake ni kuchora upya. Nyumba ikipunguzwa upana hadi mita 11, nafasi ya ubavuni inakuwa kama mita 1.6. Banda likiwa la mita 4 kwa 3, majengo yanafunika mita za mraba 166, asilimia 48. Aliyepoteza ni sebule, kwa mita moja.

Ukurasa huohuo ndiko maji taka yanakogomea. Mchoro unaonyesha choo ndani ya nyumba, lakini bomba haliendi popote. Au karo na shimo la kunyonya vimebanwa kwenye kona ya nyuma, hatua chache kutoka kisima cha jirani, mahali ambapo gari la kunyonya majitaka halifiki. Ofisa afya anataka kuona bomba linakopita, karo lilipo, na umbali wake kutoka nyumba, mpaka na kisima.

Kwa ghorofa kuna kosa jingine: michoro ya usanifu na ya uhandisi kutoafikiana. Msanifu amehamisha ukuta ili kupanua chumba, mhandisi hakuambiwa, na nguzo yake sasa inasimama katikati ya mlango. Mhuri wa kila mmoja kwenye kazi yake, akiwa amesajiliwa na bodi yake, ni lazima, lakini hauthibitishi kwamba wawili hao walizungumza.

Ramani ikirudi huja na hoja. Wengi hurekebisha ile hoja tu na kurudisha, kisha inarudi tena. Nyumba iliyopunguzwa mita moja imebadilika kwenye msingi, kwenye mkato, kwenye sura za nje na kwenye paa. Ukurasa mmoja ukisema 11 na mwingine 12, ofisa hana namna ya kujua utakachojenga. Mwambie mchoraji abadilishe kurasa zote, aandike tarehe ya marekebisho kwenye kila moja, na aambatanishe barua inayojibu hoja moja baada ya nyingine. Na fundi asichimbe msingi wakati unasubiri, maana msingi uliochimbwa kwa ramani ya mita 12 haupunguzwi kwa kalamu.