Mdhamini "mmoja" aliyewazidi wawili

"Karani, hii kompyuta yako imempitisha mtu mwenye mdhamini mmoja."

Mwenyekiti wa kamati ya mikopo aliniambia hivyo jioni moja, orodha ya waombaji iko mkononi. Nilikataa katakata. Masharti ya chama chetu cha akiba na mikopo nilikuwa nimeyaandika kwenye Excel kwa mkono wangu, nikayajaribu kwa waombaji wa zamani kabla ya kuyaamini. Tukafungua faili. Mstari wa 11, safu ya mwisho, limekaa neno "Anafaa". Na kwenye safu ya wadhamini, aliyeingiza taarifa alikuwa ameandika kwa herufi: mmoja.

Nitalirudia neno hilo. Kwanza tuyaone masharti yenyewe, maana ndiyo yanayoipa fomula umbo lake. Mkopaji awe amekaa chamani miezi 6 au zaidi. Asiombe zaidi ya mara tatu ya akiba yake. Asiwe na deni la nyuma. Na awe na wadhamini wawili au mali ya kuweka dhamana. Kwenye Excel, safu B ina miezi ya uanachama, C akiba, D mkopo anaoomba, E deni la nyuma, F idadi ya wadhamini, na G "Ndiyo" au "Hapana" kuhusu dhamana.

IF inataka vitu vitatu: swali, kisha neno la kuandika jibu likiwa kweli, kisha neno la kuandika likiwa si kweli. Tatizo ni kwamba IF hupokea swali moja tu, nasi tunayo matano. Hapo ndipo AND na OR zinapoingia. AND hukusanya maswali ndani ya mabano yake na kusema kweli pale tu yote yanapokuwa kweli; likikataa moja, yote yamekataa. OR hutosheka na moja. Hata yakitimia yote mawili haina ugomvi. Ukimwuliza mgeni kama atakunywa chai au kahawa unategemea achague, lakini kwa OR, mwenye wadhamini wawili na dhamana juu yake amepita vilevile.

Kwa hiyo sharti la nne, lenye milango miwili, linafungwa ndani ya OR, na OR nzima inakaa ndani ya AND kama sharti mojawapo kati ya manne:

```
=IF(AND(B2>=6,D2<=3*C2,E2=0,OR(F2>=2,G2="Ndiyo")),"Anafaa","Hapana")
```

Mchukue fundi cherehani mmoja. Ana miezi 9, akiba shilingi 400,000, anaomba 1,000,000, hana deni, hana mdhamini hata mmoja, ila ana kiwanja chenye hati. Miezi imetimia. Mara tatu ya akiba yake ni 1,200,000, hajavuka. Deni ni 0. Kwenye wadhamini anakwama, lakini hati inamvusha, OR inasema kweli, na AND inakuta masharti yote manne yamekubali. Anafaa.

Sasa kijana wa bodaboda. Miezi 2, akiba 300,000, anaomba 900,000, hana deni, mdhamini mmoja, na pikipiki yake ndiyo dhamana. Mkopo umegusa kikomo bila kukivuka, na kwa kuwa tumeandika `<=` wala si `<` peke yake, hapo hana kosa. Miezi ndiyo inayomrudisha. Asubiri.

Lakini itazame fomula hii, ambayo niliwahi kuiona kwenye faili la kikundi kingine:

```
=IF(OR(AND(B2>=6,D2<=3*C2,E2=0,F2>=2),G2="Ndiyo"),"Anafaa","Hapana")
```

Maneno ni yaleyale, yamehama mabano tu. Hapa OR ndiyo iko nje, kwa hiyo dhamana si njia mbadala ya wadhamini tena, imekuwa njia mbadala ya kila kitu. Kijana wa bodaboda anapita. Hata mtu aliyejiunga jana, mwenye deni, anayeomba mara kumi ya akiba yake, anapita ilmradi ana hati. Excel haitalalamika, kwa sababu fomula haina kosa la uandishi. Nadhani chanzo ni lugha yetu ya vikao. Tukisema "asiwe na deni na awe na wadhamini wawili au dhamana", masikio yanajua "au" inashikana na wadhamini peke yao. Fomula haina masikio, ina mabano. Namna ya kugundua ni kutunga mwombaji wa uongo anayevunja sharti moja tu, akiwa na dhamana mkononi, ukaona kama atakataliwa. Fanya hivyo kwa kila moja ya masharti matatu ya kwanza.

Turudi kwa "mmoja". Excel ikiambiwa ilinganishe neno na namba, haishtuki. Ina utaratibu wake wa kupanga vitu, na katika utaratibu huo maandishi yote huhesabiwa kuwa makubwa kuliko namba yoyote. Kwa hiyo `F11>=2` ilipokuta "mmoja", ilijibu TRUE. Ingejibu hivyohivyo kwa "hakuna". Ndivyo pia "miezi 2" ikiandikwa kwenye safu B inavyokuwa kubwa kuliko 6.

Pengo la pili ni baya zaidi kwa sababu halionekani. Seli tupu ikilinganishwa na sifuri, Excel huichukua kuwa sifuri. Basi mwombaji ambaye deni lake halijajazwa bado anahesabiwa kuwa hana deni, `E2=0` inakubali, naye anasonga mbele kwa uvivu wa karani. Karani mwenyewe ni mimi, kwa hiyo nasema kwa uchungu.

Dawa niliyoweka ni kuhesabu kwanza kama taarifa ni namba kweli. COUNT huhesabu seli zenye namba peke yake, ikaruka maandishi na seli tupu. Kutoka B hadi F tunahitaji 5:

```
=IF(COUNT(B2:F2)<5,"Kagua",IF(AND(B2>=6,D2<=3*C2,E2=0,OR(F2>=2,G2="Ndiyo")),"Anafaa","Hapana"))
```

Siku niliyoishusha hadi mwisho wa orodha, mstari wa 11 uligeuka "Kagua", na pamoja nao mingine mitatu ambayo hakuna aliyekuwa ameishuku. Miwili kati yake safu ya deni ilikuwa tupu.

Limebaki jambo ambalo fomula hii hailifanyi: haisemi kwa nini. Mama mmoja muuza samaki, mwanachama wa miezi 20, akiba 500,000, wadhamini wawili, aliandikiwa "Hapana" akaja dirishani amekunja uso. Ikabidi nisome seli moja baada ya nyingine mbele yake. Aliomba 1,600,000, kikomo chake ni 1,500,000. Tangu siku hiyo nimeongeza safu nne pembeni, kila moja na sharti lake peke yake, kwa mfano `=D2<=3*C2`, ili palipoandikwa FALSE paonekane mara moja.

"Laki moja tu ndiyo inayonirudisha?" aliuliza. Nikamwitikia. Akachukua kalamu, akakata namba kwenye fomu, akaandika nyingine juu yake, nami nikaiingiza mbele ya macho yake.