Taa Inawaka Kwenye Kichwa, Kosa Liko Wapi?

Chukulia lori limetoka Dar es Salaam na saruji, limefika Ruaha Mbuyuni, na mbele yake unasubiri mlima Kitonga. Kabla ya kuanza kupanda, dereva anaona mambo mawili kwenye dashibodi. Kuna ujumbe wa njano unaotaka kikausha upepo kiangaliwe, na kando yake inawaka taa ya njano yenye mchoro wa tela na herufi ABS. Hukumu ya haraka ni rahisi. Kikausha upepo kimefungwa kwenye chesi ya kichwa, basi kosa ni la kichwa. Taa ya pili ina mchoro wa tela, basi kosa ni la tela. Katika mfano wetu hukumu zote mbili zitakuwa si sahihi, na ili kuelewa sababu inabidi kwanza tuone kila taa inasema nini hasa.

Tuanze na upepo. Breki za lori hukazwa na upepo uliosukumwa na kompresa inayozungushwa na injini. Hewa ya Pwani ina unyevu mwingi: kwenye joto la nyuzi 30 na unyevunyevu wa asilimia 80, kila mita ya ujazo ya hewa hubeba takriban gramu 24 za maji. Maji hayo yakiingia kwenye matanki na valvu huleta kutu, huosha mafuta ya kulainishia, na kwenye baridi kali huganda. Kazi ya kikausha upepo ni kuyazuia. Ndani yake kuna punje nyeupe zinazonyonya unyevu wakati upepo unapopita kuelekea kwenye matanki.

Punje hizo haziwezi kunyonya bila kikomo. Matanki yanapojaa, kwenye malori mengi kati ya bar 8 na 12 kutegemea aina, valvu hukata upepo na mlango wa chini wa kikausha hufunguka kwa kishindo. Ule mlio wa "pshaa" unaousikia lori likiwa limesimama na injini inanguruma ndio huo. Maji na mafuta yaliyokusanyika hutupwa nje, kisha upepo mkavu kiasi hurudishwa kinyumenyume kupitia punje na kuzikausha. Jambo la kushika hapa ni hili: punje hukaushwa baada tu ya matanki kujaa na upepo kukatwa. Upepo usipofika kiwango cha kukatwa, kompresa inaendelea kusukuma, hewa yenye unyevu inaendelea kupita, na punje hazipati nafasi ya kukauka.

Ndiyo maana kikausha kizima kinaweza kulalamika kwa sababu ya upepo unaovuja mahali pengine kabisa. Vichwa vya zamani havina taa yake. Utajua kwa kufungua koki za chini ya matanki na kuona maji. Vichwa vya karibuni vyenye kikausha cha kielektroniki hukadiria jinsi kompresa ilivyofanya kazi na jinsi punje zilivyokaushwa, na hesabu ikikataa hutoa ujumbe. Ujumbe kama huo unaweza pia kutokana na punje zilizochoka, kwa sababu chupa yake hubadilishwa kwa ratiba, mara nyingi kila mwaka mmoja au miwili, au kutokana na waya wa hita. Hita hiyo huwekwa ili mlango wa chini usigande, na huwaka joto likishuka karibu na nyuzi 7. Katika vichwa vilivyotumika Ulaya kisha vikaletwa kwetu, fyuzi ya hita iliyokatika inaweza kuwasha taa hata kama upepo ni mkavu kabisa. Kwa safari ya Dar es Salaam hadi Morogoro hita hiyo haina kazi kubwa.

Sasa taa ya ABS ya tela. ABS huzuia matairi yasijifunge breki zinapokanyagwa kwa nguvu. Kila gurudumu linalosimamiwa lina sensa inayosoma pete yenye meno kwenye habu, na kisanduku cha kompyuta kilichofungwa kwenye tela hulegeza breki ya gurudumu linalotaka kujifunga. Kisanduku hicho hakina betri yake. Kwa matela ya mfumo wa Ulaya, umeme hutoka kwenye kichwa kupitia kebo ya peke yake ya plagi ya ISO 7638, tofauti na ile ya taa za nyuma. Pini ya 1 hupeleka umeme mzito wa valvu, pini ya 2 umeme wa kompyuta unaokuja swichi ikiwashwa, pini ya 3 na ya 4 ni za ethi. Pini ya 5 ni ya taa ya dashibodi. Matela ya EBS huongeza pini ya 6 na ya 7 kwa mawasiliano ya CAN.

Pini ya 5 ndiyo inayowapotosha wengi. Upande mmoja wa taa unapata umeme kutoka kwenye kichwa, na upande wa pili unapata ethi kupitia kisanduku cha tela. Kisanduku kikiona kosa, kinaunganisha ethi hiyo na taa inawaka. Kikikosa umeme, mara nyingi hali yake ya kupumzika ni hiyo hiyo ya kuunganisha, ili dereva ajue kwamba ABS imelala. Kwa hiyo fyuzi ya kichwa ikikatika, taa ya tela inawaka. Ukichomoa kebo, ethi inakatika na taa inazimika. Mtu akiona hivyo husema, "Nimeachanisha tela, taa imezimika, kosa ni la tela." Hajathibitisha lolote, kwa sababu kebo ikichomolewa taa ingezimika hata kosa likiwa kwenye kichwa.

Turudi Ruaha Mbuyuni. Dereva anaegesha mahali tambarare, anavuta breki ya kuegesha, anaweka mawe au vizuizi kwenye matairi ya tela, na anaiacha injini ikinguruma. Geji inasimama kwenye bar 7 na haipandi. Ule mlio wa kukata upepo hausikiki kabisa. Anachomoa mpira mwekundu, ambao ndio unaojaza matanki ya tela. Kwa vichwa vingi mdomo wa upande wa kichwa hujifunga wenyewe. Dakika chache baadaye geji inafika bar 10 na kikausha kinatoa "pshaa". Upepo wa kichwa ni mzima, na kinachovuja kiko kwenye tela. Anarudisha mpira, anapita na maji ya sabuni, na povu linachemka kwenye baluni moja la upepo la ekseli ya nyuma, lililochubuliwa na jiwe.

Kwa nini geji ilisimama kwenye 7 badala ya kushuka hadi sifuri? Kwa sababu mabaluni ya tela hupata upepo kupitia valvu ya kinga ambayo hufunga upepo ukishuka karibu na bar 6, ili breki zisinyang'anywe akiba. Kinga hiyo ilifanya kazi yake, lakini kompresa haikufika kiwango cha kukata, na kwa saa nyingi za safari punje zililowa. Kumbe ujumbe wa kichwa umeletwa na baluni la tela.

Kwa taa ya ABS, dereva hategemei kuchomoa tu. Swichi ikiwa imewashwa, anachukua balbu ya volti 24 ya taa ya breki, yenye wati 21, na kuiunganisha kati ya pini ya 1 na ya 4 kwenye mwisho wa kebo. Inawaka hafifu. Kisha anapima moja kwa moja kwenye soketi iliyo nyuma ya kabini, na bado ni hafifu. Ingekuwa kali kwenye soketi na hafifu mwisho wa kebo, kebo ndiyo ingekuwa mbovu. Hafifu pande zote mbili maana yake umeme unapotea ndani ya kichwa. Kwenye kisanduku cha fyuzi anakuta kishikio cha fyuzi ya ABS kimeungua na kushika rangi nyeusi. Taa yenye mchoro wa tela imeletwa na kichwa.

Balbu inatumika kwa sababu mita peke yake inaweza kudanganya. Waya uliobakiwa na nyuzi mbili bado huonyesha volti 25 usipovuta mzigo, na ukiupa kazi, volti huporomoka. Kama pande zote za kichwa ni nzima na fyuzi mpya inakatika mara tu tela linapounganishwa, basi kuna waya ulioguswa upande wa tela, na kuendelea kubadilisha fyuzi hakusaidii.

Namna taa inavyowaka pia hutoa dokezo. Taa inayowaka tangu swichi inapofunguliwa bila kuzimika huashiria zaidi umeme, kebo au pini zenye kutu ya kijani, ingawa matela mengine huizima baada tu ya kutembea kama kilomita 10 kwa saa. Taa inayozimika vizuri kisha ikarudi lori linapoanza kwenda huashiria sensa iliyo mbali na pete yake, mara nyingi kwa sababu beringi ya habu imelegea. Sensa ya kawaida husukumwa kwa mkono hadi iguse pete. Gurudumu likizunguka huirudisha lenyewe kwa umbali unaofaa. Ikiwa beringi ndiyo mbovu, itajirudia baada ya safari moja. Taa inayopepesa kwenye matuta au kona huashiria kebo inayovutwa.

Hali inayostahili hofu zaidi ni taa isiyowaka kabisa hata swichi inapofunguliwa. Kebo inaweza kuwa haijachomekwa, au balbu imeungua, au mtu ameitoa ili isimsumbue. Katika vichwa vingi vya zamani, tela lenye ABS likivutwa bila kebo yake halitawasha taa yoyote, na dereva atajua siku matairi yatakapojifunga kwenye barabara yenye mvua.

Taa hizi za njano hazina uzito sawa. ABS ikilala, breki za kawaida zinabaki. Dereva anaweza kufika gereji kwa mwendo wa pole na nafasi kubwa mbele yake, akikumbuka kuwa tela tupu kwenye lami yenye maji ndilo linaloyumba kwa urahisi zaidi. Upepo unaovuja ni suala jingine. Zima injini, matanki yakiwa yamejaa, na uangalie geji kwa dakika moja bila kukanyaga breki. Mtihani wa udereva wa malori wa Marekani hauruhusu lori na tela kupoteza zaidi ya psi 3 kwa dakika, yaani kama bar 0.2, au psi 4 breki ikiwa imekanyagwa. Lori linalozidi hapo halifai kuanza kupanda Kitonga, wala kuteremka, hata kama kosa la umeme limeshatengenezwa.